Mteja akisema "ghali", usiguse bei kwanza

Miaka michache nyuma alikuja mzee mmoja karakanani kwetu Langoni, hapa Lamu. Alisimama mbele ya mlango uliokuwa umechongwa nusu, akauliza bei. Nikamwambia shilingi 160,000. Akapitisha kidole kwenye nakshi taratibu, akasema, "Ghali, mwanangu." Kabla hajaondoa kidole nilikuwa nimeshatamka 140,000. Akageuka akanitazama. "Nilikuwa nataka kukuuliza kama hiyo ni pamoja na kuufikisha Matondoni," akasema.

Sikuwa na la kumjibu, kwani bei nilishaishusha bila yeye kuniomba. Na kwa kuwa niliishusha kwa pumzi moja, naye akaona hana sababu ya kutoiomba ishuke tena. Akasema 120,000. Hapo nikakataa, tukavutana, akaondoka akiamini kwamba bei niliyomtajia mwanzo haikuwa ya kweli. Ilikuwa ya kweli. Aliyeifanya ionekane ya uongo ni mimi.

Tangu siku hiyo nimejizoeza utaratibu mwingine, na ndio ninaouandika hapa. Nitatumia mlango wa kuchonga kwa sababu ndiyo kazi yangu ya kila siku, lakini anayeuza kiti cha enzi, kitanda cha samadari au sanduku la njumu atajikuta humu humu. Huu ni mwongozo wa kazi za kuagizwa, zile ambazo mteja na fundi wanakaa kuzungumza. Samaki wa sokoni anauzwa kwa njia nyingine.

Hatua ya kwanza: ijue bei yako kabla ya mteja kuijua

Anayeshusha bei haraka mara nyingi ni yule asiyejua imejengwa na nini. Ameitaja kwa kukisia, kwa hiyo mtu akikunja uso tu, anadhani amekisia vibaya. Kaa chini na daftari. Mfano ni huu: mlango wa mapacha, upana futi 5, urefu futi 7 na nusu, mbao za mbambakofi, nakshi kwenye mfaa, ule ubao wa katikati mapacha yanapokutana, kwenye kizingiti cha juu na kwenye miimo yote miwili, ufikishwe Shela na ufungwe. Mimi naufanyia hesabu hivi:

- Mbao: 58,000
- Fundi wa kuchonga, siku 24 kwa 2,000: 48,000
- Seremala wa kuunga na kupiga randa, siku 8 kwa 1,800: 14,400
- Komeo, tumbuu, pete na misumari ya shaba: 9,000
- Mafuta na msasa: 4,600
- Mkokoteni, mashua mpaka Shela na kufunga: 3,000

Jumla ni 137,000. Nauza 185,000, kwa hiyo zinabaki 48,000. Humo ndimo mna kodi ya karakana, umeme, posho ya kijana anayejifunza, patasi zinazokwisha makali, siku ambazo hakuna kazi, na chakula cha nyumbani kwangu.

Sasa angalia asilimia 10, ile ambayo wengi wetu huitupa kama salamu. Asilimia 10 ya 185,000 ni 18,500. Haipunguzi mbao, wala haipunguzi siku hata moja ya mchongaji. Yote inatoka kwenye zile 48,000, zinabaki 29,500. Umetoa sehemu moja katika kumi ya bei, na umepoteza karibu sehemu nne katika kumi za chako. Ili upate ulichokuwa upate kwa milango 10, sasa itakubidi uuze zaidi ya 16. Mchongaji mmoja akila siku 24 kwa kila mlango, milango 16 ni siku 384, na mwaka hauna siku hizo.

Nilipoiona hesabu hii kwa macho yangu, ulimi wangu ulipata breki. Iandike ya kwako kwa kazi mbili tatu unazouza zaidi, na chini yake andika bei ambayo ukiivuka ni afadhali ukalale. Kwa mlango huu, kwangu mimi ni 170,000, kazi ikiwa vile vile. Mteja haambiwi namba hiyo. Ni ya kukutuliza moyo wewe.

Kuna mkono mwingine wa kuuweka wazi mapema, nao ni wa aliyekuletea mteja. Hapa kwetu kijana wa gatini akimfikisha mgeni karakanani anatazamia kamisheni, na ni haki yake kama mlikubaliana. Kubaliana naye kabla mteja hajaja kwamba atalipwa kwa bei itakayolipwa, si kwa bei itakayotajwa. La sivyo mteja atasema ghali, utashusha, na yule kijana atasimama mlangoni akidai fungu lake la bei ya mwanzo. Utakuwa umelipia punguzo mara mbili.

Hatua ya pili: taja bei baada ya kazi kuonekana

Mtu akiuliza "bei gani?" kwa ujumbe wa simu, na ukamjibu namba tupu, hana pa kuipimia ila mfukoni mwake. Mimi huuliza kwanza mambo matatu: mlango wa mbele au wa ndani, upana wa uwazi wa ukuta, na kama anajua mbao anayoitaka. Nyumba za mawe za mji huu zina kuta nene, na fremu ya mlango wa mbele si fremu ya chumba. Maswali hayo tu yanamwonyesha kwamba anazungumza kazi, hazungumzi bidhaa ya rafuni.

Akiwa karakanani, mpe mbao mkononi. Naweka vipande viwili vya ukubwa sawa, kimoja cha mbambakofi, kimoja cha mwembe. Sisemi neno mpaka avishike vyote viwili. Uzito unajieleza. Halafu namwonyesha mchongaji akiwa kazini, naye aone kwamba nusu siku imeishia kwenye kipande kisichozidi kiganja.

Kisha taja namba, moja, bila kuitetea. "Mlango huu, pamoja na fremu, kuufikisha na kuufunga, ni 185,000." Halafu funga mdomo. Usiseme "lakini tutazungumza". Usiseme "bei ya mwisho ni juu yako". Maneno hayo mawili ni punguzo tayari, ila halijapewa kiasi.

Nijuavyo mimi, wapo wenzetu wanaopandisha bei mara mbili ili wapate pa kushukia. Nawaelewa, kwa sababu baadhi ya wateja hawaridhiki mpaka waone bei imeshuka. Lakini mji huu ni mdogo. Aliyelipa 300,000 na aliyelipa 180,000 kwa kazi ile ile watakutana baraza moja Mkomani, na utakaloitwa siku hiyo halitoki.

Hatua ya tatu: lile neno likitoka

Anasema "ghali". Fanya mambo matatu, kwa mpangilio huu.

Kwanza tulia. Hesabu kimya mpaka tatu. Mara nyingi mteja mwenyewe huendelea, na anachoongeza ndicho unachokihitaji: "Ghali… nilidhani labda laki na nusu," au "Ghali, na bado sijanunua saruji." Ukiwahi kusema, hutalisikia.

Pili, usimpinge. "Si ghali" ni kumwambia mtu mzima kwamba hajui anachosema. Mimi husema, "Ni pesa nyingi, ami, najua." Kukiri kwamba ni pesa nyingi si kukiri kwamba bei si sawa.

Tatu, uliza. Swali langu ni moja: "Ukilinganisha na nini?" Liulize kwa sauti ya mtu anayetaka kujua, si ya mtu anayetega. Kwa mama mtu mzima naligeuza: "Niambie, mama, ulikuwa umetazamia iwe ngapi, na ni kwa kuona wapi?" Lugha ibaki na adabu zake, lakini swali liulizwe.

Kosa linalowapata wengi hapa ni kuuliza kisha kujijibu. "Ukilinganisha na nini? Kwa sababu hii ni mbambakofi, na mbambakofi siku hizi…" Umeshalizika swali. Ukiuliza, nyamaza mpaka ujibiwe, hata kama kimya kinawasha.

Hatua ya nne: jibu lile alilolisema

"Ghali" ni neno moja lenye mambo kadhaa ndani. Kwa uzoefu wangu yanayotoka mara nyingi ni haya: ameona cha bei ndogo mahali, hana pesa hiyo kwa sasa, ana shaka na kazi au na wewe, au ni mazoea tu, maana kwetu mtu hanunui bila kusema ghali, ni sehemu ya salamu za biashara. Kila moja lina jibu lake, na punguzo halijibu hata moja kati ya matatu ya kwanza. Mwenye shaka ukimshushia bei, shaka yake inaongezeka.

Nitakaa zaidi kwenye la kwanza kwa sababu ndilo gumu na ndilo linalowafukuza wateja wazuri.

Alikuja bwana mmoja kutoka Malindi, anajenga Shela. Nilimtajia 185,000 kwa mlango niliouelezea juu. Akasema ghali. Nikauliza kuliko nini. Akatoa simu, akanionyesha picha: "Malindi nimeambiwa 110,000. Huo huo." Tofauti ni 75,000, na ningekuwa yule wa zamani ningeanza kushuka ngazi hapo hapo.

Nilimwomba tuweke kazi mbili kwenye karatasi moja. Usiiseme vibaya kazi ya mwenzako. Huijui, na mteja atakuona mwenye kijicho. Uliza tu, mstari kwa mstari, na acha mteja mwenyewe ajaze. Tulianza na fremu, miimo na kizingiti: je, ile 110,000 ina fremu? Akapiga simu pale pale. Haina, ni mabawa tu, fremu ni 25,000. Usafiri? Juu yake mwenyewe: lori mpaka Mokowe, kisha mashua mpaka Shela, na watu wa kubeba. Alikuwa ameshasafirisha vitu vingine, akakadiria 14,000. Kufunga? Fundi wa kule haji, kwa hiyo atatafuta mtu Shela, 5,000. Tukajumlisha: 154,000.

Tofauti haikuwa tena 75,000, ilikuwa 31,000. Na sikuwa nimeshusha senti. Hili ndilo jambo ninalotaka mtu alishike katika hatua hii: kabla ya kuitetea bei yako, hakikisha bei mbili zinazolinganishwa ni za kitu kimoja.

Zilizobaki, 31,000, ndizo za kuzitolea maelezo, na maelezo yawe machache na ya kuonekana. Nilimweleza mawili tu.

La kwanza ni mbao. Ule wa Malindi ulikuwa wa mwembe. Mwembe ni mbao nzuri ya samani za ndani, mimi mwenyewe naitumia kwa meza na rafu, lakini dumuzi na mchwa wanaupenda, na mlango wa mbele wa Shela unapigwa na jua, mvua na upepo wa chumvi. Mbambakofi ni ngumu, nzito, na inavumilia hayo. Sikumwambia "ubora". Neno hilo halina uzito mkononi. Nilimpa vile vipande viwili, kisha tukaenda hatua chache kutazama mlango wa zamani wa jirani, upande wa chini unaporukiwa na maji ya mvua, pale ambapo mbao dhaifu huanza kuoza.

La pili ni ukavu. Mbao mbichi ikichongwa leo inapendeza, miezi ikipita inajikunja, mapacha hayakutani katikati na nakshi inapasuka. Hili fundi anaweza kulithibitisha mbele ya mteja bila mashine. Kata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, si kwenye ncha, kwani ncha hukauka mapema. Kipime kwenye mizani ya dukani, kiandike uzito kwa penseli, kiweke darini penye jua na upepo, mvua isikifikie. Baada ya wiki kipime tena. Kikiwa kimepungua sana, ubao wake bado ni mbichi. Mimi huweka vipande vya namna hiyo rafuni, kila kimoja na uzito wake na tarehe zake. Nilimpa kimoja akakigeuza, akasoma namba mbili zilizokaribiana. Nikamwambia, "Kule Malindi waombe wakuonyeshe hivi hivi. Wakikuonyesha, mbao yao ni kavu, na hilo utakuwa umelijua." Nilimaanisha. Kama mbao yao ni kavu na yeye anaridhika na mwembe, basi hana sababu ya kunilipa mimi.

Mipaka ya njia hii uijue. Inafaa tu ikiwa tofauti ipo kweli. Ukilinganisha mstari kwa mstari na kila mstari ukatoka sawa, na wewe bado uko juu kwa 31,000, basi mteja amekuonyesha jambo, na kazi yako ni kurudi kwenye daftari.

Hatua ya tano: bei ikibidi kushuka, kazi ishuke nayo

Yule bwana alikubali hesabu. Akasema, "Nimekuelewa, ndugu yangu. Lakini mlango nimeutengea 165,000, na nyumba bado ina choo hakijaezekwa." Hapo lile neno lilikuwa limebadilika. Halikuwa tena la kulinganisha, lilikuwa la mfuko, na mfuko hauelezwi mbao ukajaa.

Usiseme "haya, leta 165,000". Ukisema hivyo, kazi ni ile ile, bei imeshuka 20,000, na zile 48,000 zako zimekuwa 28,000. Isitoshe, umemfundisha kwamba 185,000 ilikuwa na 20,000 za bure ndani yake. Badala yake, chukua karatasi ile ile na umuulize kinachoweza kutoka.

Nilimwambia hivi: "Kwa 165,000 naweza kukufanyia mlango wa mbao ile ile na unene ule ule. Nakshi nitaiweka kwenye mfaa na kizingiti, pale jicho linapotua. Miimo nitaipiga mstari mmoja wa ukingo, iwe safi, bila maua." Nakshi ya miimo miwili ni siku 8 za mchongaji, yaani 16,000. Gharama yangu inashuka kutoka 137,000 hadi 121,000. Nauza 165,000, zinabaki 44,000. Mteja ameokoa 20,000, mimi nimeachia 4,000 tu, na hakuna aliyedanganywa.

Chagua cha kutoa kwa uangalifu. Kuna vitu havitolewi hata mteja akivitaja mwenyewe. Unene wa mbao usiutoe, wala ukavu, wala komeo imara. Mlango ukijikunja, mtu hatakumbuka kwamba alilipa kidogo, atakumbuka nani aliuchonga. Toa kinachoonekana, ambacho mteja anajua amekiacha: kiasi cha nakshi, misumari ya shaba ya pambo, rangi ya mafuta ya mwisho, au kufunga ikiwa ana fundi wake.

Kama tatizo ni pesa kutokuwepo leo lakini ipo kesho, kazi isiguswe wala bei isiguswe, guseni tarehe. Mimi huomba malipo ya mwanzo yanayofunika mbao zote na vyuma, kwa mlango huu 67,000, ya pili nakshi ikifika nusu, na ya mwisho siku ya kufunga. Usianze kazi kwa malipo ya mwanzo yasiyotosha mbao. Hapo unakuwa umemkopesha mteja mtaji wako, na hilo ni punguzo lililovaa kanzu.

Yule wa mazoea

Kuna anayesema ghali huku mkono uko tayari kwenye simu kulipa. Utamjua: haulizi mbao, hana bei ya kwingine, anatabasamu, anasema "nipunguzie kidogo, mimi ni mwenyeji". Ukimjibu kwa ukavu utamvunjia heshima, maana anachotaka ni kuonekana kwamba amejua kununua. Nami ni wa hapa, najua mama yangu hanunui hata nazi bila kuizungumza.

Huyu mpe kitu, ila kisiwe bei. Baada ya mwaka mmoja nitakuja kuupaka mlango mafuta upya bila malipo: kwangu hiyo ni asubuhi moja na mafuta ya mia chache, kwake ni jambo la kumsimulia jirani. Au namchongea kiti kidogo cha mbuzi kwa vipande vilivyobaki. Sema wazi kwamba ni zawadi na si haki: "Bei ndiyo hiyo, bi, lakini kwa kuwa umefika mwenyewe, hili ni langu kwako." Wengi huishia hapo. Anayeendelea kusukuma baada ya hapo si wa mazoea, rudi ukamuulize lile swali.

Pale punguzo ni halali

Sisemi bei isishuke kamwe. Inashuka pale gharama yako inaposhuka au unapopata kitu badala yake, na mteja aambiwe ni kwa sababu gani. Milango miwili kwa pamoja inanunuliwa mbao safari moja na kubebwa mashua moja. Mteja anayekubali kungoja mpaka masika, wakati wageni wamepungua na mchongaji wangu angekaa bure, ananisaidia kweli, nami namshushia kidogo. Analipa zote mwanzo? Vivyo hivyo. Sema kwanza unachotaka, kisha unachotoa: "Ukichukua miwili, wa pili nitakupa kwa 175,000." Ukitanguliza punguzo, sharti litasahaulika njiani.

Na yule ambaye umesikiliza, umelinganisha, umepunguza kazi, na bado yuko chini ya namba yako ya mwisho? Mwache aende kwa wema. "Kwa bei hiyo sitaweza kukufanyia kazi nitakayoona fahari nayo. Lakini nenda kaone na kwingine, na ukirudi karibu." Usimfuate barabarani na bei mpya. Ukimfuata hadi msikitini na 150,000, yote uliyoyasema karakanani yamefutika.

Yule bwana wa Malindi hakukubali siku ile. Alikwenda na karatasi yetu, siku nne baadaye akanipigia, akachukua ule wa 165,000 wenye miimo ya wazi. Tuliandika kwenye risiti kilichomo na kisichomo, hasa kisichomo: "miimo bila nakshi". Andika hivyo kila mara. Siku ya kufunga watu hukumbuka picha ya kwanza waliyoonyeshwa, wala hawafanyi kwa ubaya.

Weka daftari la "ghali"

Kila anayesema ghali, andika mistari miwili jioni: kazi gani, na alijibu nini ulipouliza "kuliko nini". Hili linachukua dakika tano, na ndilo litakalokuambia kama tatizo ni mazungumzo au ni bei yenyewe.

Mimi lilinionyesha jambo kwenye masanduku. Nilikuwa nachonga la urefu wa futi 3, na wageni karibu wote walisema ghali. Nilishawishika kushusha. Nilipofungua daftari nikakuta majibu yao hayakutaja sanduku jingine wala fundi mwingine. Walitaja ndege: litasafirije, mzigo utalipiwa kiasi gani. Bei waliyoikimbia haikuwa yangu, ilikuwa ya uwanjani. Nikaanza kuchonga la inchi 18, nakshi ile ile, linaloingia ndani ya begi la kawaida, nikaliwekea bei iliyozidi kidogo nusu ya lile kubwa. Lile kubwa sasa nalichonga kwa oda tu, na mara nyingi anayeliagiza ni mtu wa hapa hapa, wa harusi.